13.1 magharibi, 2.6 usiku wa manane

Jumamosi moja tulimaliza mpira jua likielekea kuzama. Huwa tunacheza ufukweni Shela, hapa kwetu Lamu, maji yakiwa yamekupwa, pale mchanga unapokuwa mgumu kiasi cha mpira kudunda. Mimi nacheza pembeni, na kazi ya mchezaji wa pembeni ni mbio za kukata roho: hatua thelathini kwa nguvu zote, simama, vuta pumzi, halafu tena. Kabla ya kuanza nilijipima sukari nikapata 8.3. Kipenga cha mwisho kilipolia nikaketi kando ya mashua iliyopandishwa mchangani, nikajitoboa kidole, na mashine ikaandika 13.1.

Sikuelewa. Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 22, na kila aliyewahi kunishauri aliniambia neno lile lile, kwamba mazoezi hushusha sukari. Nami nilikuwa nimekimbia zaidi ya saa moja na nusu, sijatia kitu kinywani ila maji. Nikajiambia ni chakula cha mchana kimechelewa kupanda. Nikachoma yuniti 4 za insulini ya maji, ile angavu tunayochoma kabla ya kula, nikapanda boti kurudi mjini.

Nyumbani Mkomani nikala mkate wa mofa na samaki, nikachoma dozi yangu ya kawaida ya chakula. Saa nne usiku mashine ikasoma 7.2. Niliridhika kabisa. Nikachoma insulini ya usiku, ile inayofanana na maziwa, yuniti 14 kama kila siku, nikalala.

Saa nane na ushei mama alisikia nikigongagonga ukuta. Alinikuta fulana imelowa jasho, godoro limelowa, natazama dari bila kuona. "Mwanangu, mato yako yana nini?" aliniuliza, nami nikamjibu kitu kisichoeleweka. Yeye mwenyewe ana sukari, kwa hiyo mashine anaijua. Alinipima: 2.6. Bado nilikuwa naweza kumeza, akanikorogea vijiko vinne vya sukari katika maji, akanishika kichwa nikanywa, akahesabu dakika 15, akanipima tena: 3.4. Akakoroga vingine vinne. Nilipofika 5.8 adhana ya alfajiri ilikuwa haiko mbali.

Namba zote ninazoandika hapa ni za milimoli kwa lita, kama mashine nyingi za kwetu Kenya zinavyosoma. Mwenye mashine ya miligramu azidishe kwa 18.

Nilikaa siku kadhaa nikitafakari namba zile mbili, 13.1 na 2.6, zilizotoka katika mchezo mmoja. Sasa najua kwamba zote mbili zilikuwa kazi ya mpira. Ya kwanza ilikuwa ya kupita, na mimi niliifukuza kwa sindano. Ya pili ndiyo iliyokuwa njiani tangu mwanzo.

Fikiria damu kuwa birika la msikiti. Maji yaliyomo ndiyo sukari. Upande mmoja kuna anayejaza, naye ni ini, lenye akiba ya sukari iliyofungwa pamoja iitwayo glaikojeni. Upande wa pili kuna wanaoteka, na wakati wa mazoezi watekaji wakubwa ni misuli. Kipimo kinachoonekana kwenye mashine ni kina cha maji tu. Hakikwambii nani anajaza kwa kasi gani, wala nani anateka kwa kasi gani.

Mtu anapotembea au kukimbia polepole, misuli inateka sana. Seli ya msuli ina vibebeo vya sukari ambavyo kwa kawaida hukaa ndani, na insulini ndiyo huviita vitoke mlangoni. Lakini msuli unaojikunja na kujikunjua huviita wenyewe, bila kungoja insulini. Ndiyo maana hata mwenye kisukari cha aina ya pili, ambaye mwili wake hauisikii vizuri insulini, hushuka sukari akitembea. Ini nalo hujaza, ila mwendo ukiwa wa wastani na insulini ya sindano ikiwa bado mwilini, linazuiwa lisijaze vya kutosha. Watekaji wanashinda, na kina cha maji kinashuka.

Mbio za kukata roho zina mpango mwingine. Mwili unaziona kama hatari: adrenalini inamwagika, na ini linaamrishwa litoe akiba kwa wingi na kwa haraka. Katika juhudi ya namna hiyo ini humimina sukari kwa kasi inayozidi uwezo wa misuli kuichota, kwa hiyo kina kinapanda katikati ya mchezo. Kwa mtu asiye na kisukari, mara tu juhudi inapokoma kongosho hutoa insulini zaidi, na kile kilichozidi kinafutika bila yeye kujua kilikuwapo. Mimi sina kongosho la kufanya hivyo. Insulini niliyo nayo ni ile niliyochoma mchana, nayo haijui kama kuna mechi.

Hata mazingira ya mchezo yanahesabika. Tukicheza mazoezi wenyewe kwa wenyewe sukari yangu hupanda kidogo au haipandi. Tukicheza na timu ya Matondoni, watu wamejaa kando na mabao yakiwa sare, inapanda zaidi kwa mbio zile zile, kwa sababu wasiwasi nao unaleta adrenalini. Na asubuhi kabla ya kula ni mbaya zaidi, maana homoni za alfajiri zinalisukuma ini tayari, na insulini ya chakula haipo.

Basi hiyo ndiyo 13.1. Na 2.6?

Misuli iliyokimbia saa moja na nusu imemaliza akiba yake. Itatumia usiku kucha kuijaza upya, na inachota kutoka birika lile lile. Pamoja na hayo, inabaki ikiisikia insulini vizuri kuliko kawaida kwa saa 24, wakati mwingine hata 48. Dozi iliyokuwa sawa jana leo ni kubwa mno. Watafiti wa Australia waliwapima vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza waliofanya mazoezi ya wastani saa kumi alasiri, wakachapisha matokeo mwaka 2007: mahitaji ya sukari yalipanda kwa vipindi viwili. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa mazoezi na muda mfupi baadaye, kisha ikatulia, halafu ikapanda tena kati ya saa 7 na 11 baada ya mazoezi. Sisi tulimaliza saa kumi na mbili na robo. Hesabu saa nane kutoka hapo.

Juu ya wimbi hilo mimi niliongeza mambo mawili kwa mkono wangu. Insulini ya maji ya aina ninayotumia haishi upesi, bali hudumu saa sita hadi nane, kwa hiyo zile yuniti 4 za magharibi ziliingia katika dozi ya chakula cha usiku zikawa pamoja. Nayo ile ya maziwa niliyochoma saa nne hufika kileleni kuanzia kama saa nne baadaye. Vyote vilikutana saa nane usiku. Wanaotumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, wana ile ya maziwa ndani ya sindano yao ya jioni, kwa hiyo haya yanawahusu moja kwa moja.

Nilipompelekea daftari langu muuguzi wa kliniki ya sukari, alitazama zile namba kimya. Nikamwambia, "Sista, ningejuaje? Kumi na tatu ni kubwa."

"Ulijuaje kwamba inapanda?" akaniuliza.

Sikujua. Nilikuwa na namba moja ya kabla na moja ya baada, saa mbili kasoro zimepita kati yake. Ile 13.1 ingeweza kuwa inapanda, imetulia, au imeanza kushuka, na kila moja ingetaka uamuzi wake. Hapo ndipo tulipopanga kupima upya, na mpango huo ndio ninaotaka kuueleza kwa urefu, maana ushauri wa "jipime kabla na baada" hautoshi.

Jambo la kwanza alilonitaka nifanye lilinishangaza: nijipime siku ambayo sichezi. Chakula kile kile cha mchana, wali wa nazi na samaki sahani moja, saa ile ile, dozi ile ile, kisha nikae barazani. Saa kumi alasiri nilipata 8.8, saa kumi na nusu 8.5, saa kumi na mbili na robo 7.9. Siku moja hiyo ilifuta wazo langu kwamba wali ulichelewa. Bila mpira, mchana wangu unashuka taratibu. Kinachopanda siku ya mpira kinatoka kwenye mpira.

Jambo la pili ni kupima mara mbili kabla ya kuanza, nusu saa kabla na tena wakati wa kuingia uwanjani. Mtu mwenye 7.0 iliyotoka 8.5 na mtu mwenye 7.0 iliyotoka 5.8 wana namba moja, lakini wa kwanza anateremka na wa pili anapanda. Wa kwanza akianza kutembea kwenda Shela anaweza asifike salama. Kwangu mimi, tulikubaliana nianze nikiwa kati ya 7 na 10. Chini ya 5 nakula kwanza kitu cha gramu 15 za wanga na nangoja ipande. Tende ndogo tatu zinatosha. Zaidi ya 15 siingii uwanjani kabla ya kujua kama nina ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta badala ya sukari, kwa sababu sukari ya juu yenye ketoni maana yake ni kwamba insulini imepungua mno mwilini, na hapo mazoezi ya aina yoyote yataipandisha zaidi na kumtia mtu hatarini. Ketoni ya damu ikifika 1.5 hakuna mchezo siku hiyo, kuna hospitali.

Kisha ikaja Jumamosi ya kupima mchezo wenyewe. Nilichelewesha chakula cha usiku hadi baada ya Isha, ili nisichanganye mkate na mpira. Saa kumi 8.6. Saa kumi na nusu, tunaanza, 8.2. Mapumziko, 10.4. Kipenga cha mwisho, 12.7. Mkono uliniwasha kuchukua sindano. Nikangoja. Nusu saa baadaye 12.9. Saa moja na robo usiku, 11.0. Saa mbili, kabla ya kula, 8.9.

Ilishuka yenyewe. Ilichukua karibu saa mbili, bila yuniti hata moja ya kuirekebisha. Mistari ile mitatu ya baada ya mchezo, 12.9, 11.0, 8.9, ndiyo iliyonifunza kuliko yote niliyowahi kusikia. Kama ningechoma zile 4, zingekuwa zinaanza kazi barabara wakati sukari inashuka yenyewe.

Usiku huo nilipunguza robo ya dozi ya chakula na nikachoma yuniti 11 za insulini ya usiku badala ya 14, yaani karibu moja kwa tano chini, kama tulivyokubaliana kliniki. Kabla ya kulala nilikuwa na 8.1, nikala kipande cha mkate na kikombe cha maziwa. Saa nane usiku kengele ya simu ikaniamsha: 5.9. Asubuhi 6.3. Nasisitiza kwamba robo na moja kwa tano ni vipimo vyangu, vilivyotokana na daftari langu na muuguzi anayenijua. Mwingine vitamtosha, mwingine vitampandisha hadi 14 asubuhi. Namna ya kupima ndiyo inayoweza kuhamishwa kutoka mtu hadi mtu.

Nilirudia Jumamosi mbili zaidi kabla ya kuamini. Ya pili ilifanana na ya kwanza. Ya tatu sukari haikushuka vizuri: saa moja na nusu baada ya mchezo ilikuwa bado 13.8 na inapanda. Siku hiyo nilikuwa nimesahau sindano ya mchana. Hapo kurekebisha kulikuwa halali, na nilichoma nusu tu ya kile ambacho ningechoma siku ya kawaida, kwa sababu usiku ulikuwa bado unakuja. Kwa hiyo kipimo changu cha kutofautisha ni hiki: kupanda kwa mbio hufika kileleni ndani ya nusu saa au saa moja baada ya kusimama, kisha huteremka. Kunakoendelea kupanda baada ya hapo kuna sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo ni insulini iliyokosekana.

Vijiti vya kupimia sukari ni ghali, nalijua hilo kwa mfuko wangu. Jumamosi moja ya kupima kikamilifu inakula vijiti kumi, na kopo lina 50. Ndiyo maana sipimi hivi kila wiki. Nilipima Jumamosi tatu na siku moja ya kukaa, nikapata umbo la mchezo wangu, na sasa natumia vinne: wakati wa kuanza, saa moja baada ya kumaliza, wakati wa kulala, na saa nane usiku. Ningelazimika kubaki na viwili ningebaki na hivyo vya mwisho. Kile cha kipenga cha mwisho, ambacho watu wengi wanakipenda, nilikiacha kwanza, kwa sababu ndicho kinachoshawishi mkono uende kwenye sindano.

Kutembea ni habari tofauti kabisa. Kutoka gatini hadi Shela kwa njia ya ufuoni ni kama dakika 40 kwa mwendo wa haraka, maji yakiwa hayajajaa. Siku nilizopima baada ya Alasiri nilitoka na 9.4 nikafika na 6.8, nikarudi bila kupumzika sana nikafika na 5.1. Hakuna kilele, hakuna wasiwasi wa mashabiki, ni mteremko mmoja. Hapa kipimo cha katikati, pale Shela, ndicho chenye thamani, maana ndicho kinachoniambia kama nirudi kwa miguu au nile kwanza. Nilijifunza pia kutochoma pajani kabla ya safari ile. Mguu unaofanya kazi huivuta insulini kutoka chini ya ngozi upesi zaidi, kwa hiyo siku za kutembea nachoma tumboni.

Mama naye ana aina ya pili na anameza metformini peke yake. Kwake hadithi ni fupi na ya amani. Dawa hiyo peke yake ni nadra kumshusha mtu hadi hatarini, kwa hiyo hahitaji kuamka saa nane usiku. Anapima saa mbili baada ya mlo wa mchana, siku moja akiwa amekaa na siku nyingine akiwa ametembea dakika 15 vichochoroni mara tu baada ya kula. Mara ya kwanza alipata 11.6 alipokaa na 8.9 alipotembea. Tangu hapo habishani nami kuhusu kutembea, ananibishia kuhusu mahamri tu. Lakini jirani yetu anayemeza glibenklamidi hawezi kuiga utulivu huo. Vidonge vya jamii hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini hata sukari ikiwa imeshashuka, na yeye inampasa apime baada ya kutembea na abebe kitu kitamu mfukoni.

Sasa niseme kuhusu mashine yenyewe, kwa sababu mara mbili karibu inidanganye. Mara ya kwanza nilijipima njiani nikapata 16.2 nikiwa najisikia mzima. Nilikuwa nimetoka kumenya embe. Utando mdogo wa utamu kwenye ncha ya kidole unatosha kuipandisha namba hivyo. Nilinawa, nikakausha, nikapata 7.4. Fikiria kama ningechoma kwa ile ya kwanza. Mara ya pili nilitoka kuogelea, nikajitoboa kidole kikiwa na maji, tone likatawanyika na maji yakachanganyika na damu, nikapata 4.1. Nilipofuta na kutoboa tena ilikuwa 6.0. Ufukweni vidole huwa na jasho, chumvi, mchanga au tende, kwa hiyo nabeba chupa ndogo ya maji na kitambaa kikavu, na tone la kwanza huwa nalifuta nikatumia la pili.

Kopo la vijiti nalo halitakiwi kuachwa mchangani juani. Mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 30, na mchana wa Februari huku kwetu ndani ya mkoba mweusi panazidi hapo bila shida. Naliweka kwenye kivuli, limefungwa barabara, maana unyevu wa bahari unaharibu vijiti hata bila joto.

Na hata mashine ikiwa nzuri na kidole kikiwa safi, kiwango cha kimataifa kinairuhusu ikosee kwa asilimia 15 juu au chini sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Yaani 8.0 yaweza kuwa 6.8 au 9.2. Kwa hiyo mtu aliyetoka 8.0 akafika 7.5 baada ya kutembea hajui bado kama ameshuka. Kutoka 8.2 hadi 12.7 ni jambo la kweli. Kutoka 9.4 hadi 5.1 ni jambo la kweli. Tofauti ndogo zinahitaji kurudiwa siku tatu nne kabla ya kubadilisha dozi kwa ajili yake. Wenye kihisi cha kubandika mkononi wana faida ya kuona mshale unaoonyesha kama sukari inapanda au inashuka, lakini kihisi kinasoma majimaji ya chini ya ngozi, si damu, nacho huchelewa dakika kadhaa. Sukari ikishuka kwa kasi katikati ya mwendo, kipimo cha kidole kinakuwa kimeshafika chini wakati kihisi bado kiko juu.

Baada ya kuelewa kwamba mbio kali hupandisha, nilitaka kujua kama naweza kuzitumia. Watafiti wa huko huko Australia walionyesha mwaka 2006 kwamba watu wenye aina ya kwanza, wakimaliza mazoezi ya wastani kwa sekunde 10 tu za mbio za nguvu zote, sukari yao haiendelei kuanguka kwa saa mbili zinazofuata, tofauti na wale wanaoacha tu. Sekunde 10. Nilijaribu mwisho wa matembezi yangu, kwenye kipande kilichonyooka kabla ya kufika gatini, mahali ambapo punda hawajazagaa.

Siku ya kwanza nilifika hapo na 5.4, nikakimbia, dakika 20 baadaye nikapata 5.9. Siku ya pili 5.6, halafu 5.7. Kwa ukingo wa makosa ya mashine, nasema tu kwamba haikushuka, na kwa matembezi yale kutoshuka si kitu kidogo. Siku ya tatu nilikuwa nimechelewa kula, nikachoma dozi ya mchana saa nane na nusu, na saa kumi nikaondoka kwa miguu insulini ikielekea kileleni. Nilifika pale na 4.6, nikakimbia zile sekunde 10, nikapima tena: 3.7.

Insulini iliyo kileleni inalifungia ini mlango, na adrenalini ya sekunde 10 haina nguvu ya kuufungua. Na ukweli ni kwamba kwa 4.6 inayoshuka sikupaswa kukimbia hata hatua moja, nilipaswa kula kwanza. Niliketi kwenye ngazi za gati, nikanywa nusu chupa ya soda ya mililita 300, nikatazama mashua za Manda zikiingia. Dakika 15 baadaye 4.4. Nikala tende mbili, nikangoja tena, 5.3, nikainuka kwenda nyumbani kwa hatua za polepole, na katika daftari, mbele ya siku hiyo, nikaandika saa ya sindano kabla ya kuandika namba yoyote ya sukari.